Kaa ni Neno Moja au Matatu?

Jioni moja, baada ya sala ya Isha, tulikuwa tumekaa barazani nje ya msikiti wa mtaa wetu, watoto wa chuoni wakiwa bado hawajatawanyika. Mmoja wao, mvulana anayesoma darasa la saba, alitujia na kamusi ya shule mkononi. "Ustadhi," akauliza, "kwa nini kamusi imeandika kaa mara tatu, kila moja na nambari yake ndogo, lakini kichwa imekiandika mara moja tu, na chini yake maana zimepangwa moja baada ya nyingine? Si yote ni maneno yenye maana nyingi?"

Hatukusita. Tulimpa jibu tulilopewa sisi utotoni, na ambalo tumewapa wanafunzi wengine kwa miaka mingi. Tulimwambia kwamba kaa ni neno moja tu, na waliolitenga wamejitaabisha bure. Asili yake ni kukaa. Kaa wa baharini ameitwa hivyo kwa sababu hukaa shimoni, na kaa la moto limeitwa hivyo kwa sababu moto hukaa ndani yake hata baada ya ndimi kuzimika. Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Jibu lilikuwa tamu.

Lakini pembeni alikuwako mzee mmoja mvuvi, mtu wa maneno machache. Akasema, "Shekhe, tuwie radhi. Mimi hawa siwaiti sawa. Kaa la jikoni nalitaja kavu. Yule wa baharini nampa pumzi." Akayatamka maneno yote mawili mbele yetu, na sote tukasikia. Katika la pili, k yake ilitoka na pumzi iliyosikika wazi, kama mtu apulizaye mshumaa kwa mbali. Tukajijaribu wenyewe, tukagundua kwamba na sisi tumekuwa tukitamka vivyo hivyo maisha yetu yote bila kujua. Tulirudi nyumbani na haya kidogo, na makala hii ni deni tunalolilipa kwa mvulana yule.

Wataalamu wa lugha wana majina mawili kwa mambo mawili ambayo kwa jicho yanafanana. Neno moja likiwa na maana kadhaa zenye ukoo, hali hiyo huitwa polisemia. Maneno mawili au zaidi, kila moja na asili yake, yakikutana kwa umbo tu, hali hiyo huitwa homonimia. Msomaji wa pwani ataelewa upesi kwa mfano wa watu. Maana za kichwa ni kama wajukuu wa babu mmoja: kichwa cha mtu, kichwa cha habari, kichwa cha gari la moshi. Ukiwauliza nasaba, wote watakurudisha kwenye kile kiungo cha juu, kinachotangulia mwili. Homonimu, kwa upande wake, ni watu walio somo. Huyu ni Ali na yule ni Ali, wameketi safu moja, lakini hakuna anayemrithi mwenzake.

Na kama ilivyo katika mirathi, kufanana jina si ushahidi wa nasaba. Mtunzi wa kamusi hana budi kuamua. Akiona nasaba ni moja, ataandika kidahizo kimoja, yaani neno moja la kuongoza, na chini yake azipange maana kwa nambari. Akiona nasaba ni mbalimbali, ataandika vidahizo viwili au vitatu, kila kimoja na nambari yake ndogo ya kutofautisha. Ndivyo ilivyofanya Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa mwaka wa 1981 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam, na kamusi za baadaye zimeifuata njia hiyo. Basi kile kijinambari alichokiona mvulana yule ni hukumu. Nasi tumekusudia kuonyesha hukumu hiyo hufikiwaje, kwa kulifuata neno lile lile lililotuaibisha.

Kazi huanza kwa kukusanya sentensi zilizosemwa au kuandikwa na watu, si kwa kuwaza. Tuchukue sita. Makaa haya hayajashika moto. Kaa wale walikimbilia mikokoni. Mgeni amekaa mkekani. Bibi amekaa Lamu miaka arobaini. Chakula hiki hakikai, huchacha upesi. Kanzu imemkaa vyema. Zamani sentensi kama hizi ziliandikwa kwenye vikaratasi na kugawanywa mafungu juu ya meza. Siku hizi hupangwa kwa kompyuta, lakini kazi ya kugawa mafungu ni ile ile.

Mgawo wa kwanza hufuata sarufi. Sentensi nne za mwisho zina kitenzi, na mbili za mwanzo zina nomino. Hata hizo nomino mbili hazikai pamoja. Jikoni tunasema kaa hili na makaa haya, ngeli ya LI-YA. Ufukweni tunasema kaa huyu na kaa hawa, ngeli ya A-WA, na wingi wake haupokei ma-. Tayari tuna mafungu matatu.

Wengi hukomea hapa, nao hukosea, kwa sababu sarufi ni shahidi wa kwanza wala si hakimu. Tazama neno ndege. Aliye mtini tunasema ametua, na iliyo uwanjani tunasema imetua. Upatanisho ni mbalimbali, ilhali kila mtu ajua kwamba chombo kile kilipewa jina la kiumbe kwa sababu kinaruka. Neno limepata maana mpya tu, na upatanisho umebadilika kwa kuwa chombo hakina uhai. Kwa hiyo ngeli ikitofautiana, mtunzi wa kamusi hutia shaka, kisha huita shahidi wa pili.

Shahidi wa pili ni matamshi, na hapa ndipo mvuvi wetu alipotushinda. Maandishi sanifu ya Kiswahili hayaonyeshi tofauti ya k kavu na k yenye pumzi, kwa hiyo mwenye kusoma tu atadhani maneno haya yanalingana sauti. Mwenye kusikia Kimvita ajua kwamba sivyo. Vivyo hivyo paa la nyumba hutamkwa kavu, na paa wa mwituni hutamkwa kwa pumzi. Homonimu nyingi zilizomo vitabuni ni homonimu za karatasi. Kinywani mwa mtu wa Mombasa hazijawahi kufanana.

Na pumzi hiyo haikuja hivi hivi. Ni alama ya mguu wa sauti iliyoondoka. Majina mengi ya wanyama katika lugha za Kibantu yalikuwa na sauti ya puani mwanzoni, n au m, kama tunavyoiona bado katika ndege, mbuzi na ng'ombe. Mbele ya k, p na t, Kiswahili kiliiangusha sauti ile, nayo ikaacha pumzi nyuma yake. Lugha nyingine hazikuiangusha. Wazulu wa Afrika Kusini humwita kaa inkala, na humwita mnyama wa jamii ya paa impala, jina ambalo limeenea duniani kote. Linganisha inkala na kaa, impala na paa, utaiona n na m iliyopotea kwetu, na utaelewa kwa nini mvuvi anampa pumzi kaa wa baharini. Kaa la moto halikuwa katika kundi lile la majina, halikuwa na sauti ya puani ya kupoteza, na kwa hiyo hutamkwa kavu.

Msomaji makini ameona jambo jingine katika mifano hiyo, nalo ni herufi l. Inkala ina l, kaa haina. Kiswahili katika safari yake kiliiacha l katikati ya irabu mbili kwa maneno mengi. Ndugu zetu Wadigo husema ndzala, sisi twasema njaa. Wao husema kukala, sisi twasema kukaa. Wagikuyu husema makara kwa makaa, na wasemaji wa Kilingala, kule Kongo, husema makala. Kila l ilipoanguka, maneno yalifupika, na maneno yakifupika hugongana kwa wingi zaidi. Hii ndiyo sababu moja kubwa ya Kiswahili kuwa na somo wengi wenye silabi mbili, kama kaa na paa.

Shahidi wa tatu ni mnyambuliko. Kitenzi kukaa kina jamaa kubwa: kalia, kalisha, mkazi, makazi, kikao, mkao. Na tazama jinsi l iliyoanguka inavyorudi katika kalia, kama mtu aliyetoka mlangoni akaingilia dirishani. Jamaa hawa wote wanazungumzia kuketi na kuishi. Hakuna hata mmoja anayegusa makaa ya jikoni wala kiumbe wa mikokoni. Lau kaa la moto lingetokana na kukaa, tungetazamia kuona mahali fulani neno la katikati, jamaa mmoja mwenye mguu huku na mguu kule. Hayuko.

Kisha huja shahidi wa mwisho, na ndiye mzito kuliko wote kwa mtunzi wa kamusi, nalo ni daraja la maana. Ili maana mbili ziwe za neno moja, lazima kuwe na njia ambayo wasemaji walipita kutoka moja hadi nyingine, na njia hiyo ionekane katika matumizi. Tujaribu kwenye kitenzi. Mgeni amekaa mkekani, yaani ameketi. Aliyeketi hachukuliki; yupo mahali pamoja. Mgeni alikaa kwetu siku tatu: je, aliketi, au aliishi? Yote mawili yamo, na sentensi hii ndiyo daraja. Kutoka hapo tunafika kwa bibi aliyekaa Lamu miaka arobaini, ambapo kuketi kumetoweka na kumebaki kuishi. Akaaye hudumu, basi chakula kisichodumu hakikai. Na kanzu iliyotulia mwilini bila kuvutana imemkaa mwenyewe. Kila hatua inashikana na iliyotangulia, wala hatukuruka mtaro wowote. Hii ni polisemia, na mtunzi atazipanga maana hizo chini ya kidahizo kimoja, aanze na kuketi na kumalizia kwa kanzu.

Sasa tujaribu daraja kati ya kaa wa baharini na kukaa. Tulisema sisi kwamba hukaa shimoni. Lakini panya naye hukaa shimoni, na hakuitwa kaa. Tulisema moto hukaa ndani ya kaa. Lakini hukaa pia ndani ya jivu. Siku chache baadaye, rafiki yetu mwingine alituambia kwamba huenda kaa wa baharini na kaa la moto ni neno moja, kwa kuwa kaa akipikwa huwa mwekundu kama kaa liwakalo. Ni maneno ya kupendeza, lakini huko ni kujenga daraja kwa mawazo. Daraja la kweli ni sentensi ambayo mtu aliisema bila kukusudia kuthibitisha lolote, na ndani yake maana zote mbili zinaweza kukaa. Katika kaa hawa wawili sentensi hiyo haipatikani. Akili ya mwanadamu ina uwezo wa kuunganisha vitu vyovyote viwili, na hapo ndipo penye hatari. Dalili ya kujua kwamba umetekwa na hadithi ni hii: sababu unayoitoa ingefaa pia kwa vitu vingine kumi ambavyo havikupewa jina hilo.

Basi hukumu ni kwamba kaa ni maneno matatu. Neno la tatu, kile kitenzi, lina maana kadhaa ndani yake. Kwa hiyo neno moja la karatasini limebeba homonimia na polisemia kwa pamoja, na kamusi ya mvulana ilikuwa sawa. Sisi ndio tuliokosea.

Lakini tusimfanye msomaji aamini kwamba mambo huwa wazi hivi siku zote. Yuko mbuzi. Mnyama tunamjua. Jikoni nako kuna mbuzi ya kukunia nazi, kile kigoda chenye ulimi wa chuma wenye meno. Wanaoifasiri husema ilipewa jina kwa umbo lake, miguu chini na shingo imetokeza mbele. Ikiwa ndivyo, kwa nasaba ni neno moja. Lakini muulize binti anayekuna nazi kila siku kama humfikiria mnyama anapoikalia, atakucheka. Kwake yeye njia imekwisha kuota majani. Je, mtunzi wa kamusi afuate historia au afuate fahamu ya wasemaji walio hai?

Hapa watunzi hutofautiana, na kila mmoja ana hoja. Anayeandika kamusi ya historia ya maneno ataziweka pamoja, kwa sababu kazi yake ni kuonyesha njia hata iliyoota majani. Anayemwandikia mwanafunzi huelekea kuzitenga, na anayo sababu ya kikazi: kamusi zetu huandika upatanisho wa ngeli mwanzoni mwa kidahizo, na kidahizo kimoja hakiwezi kubeba huyu na hii bila kumchanganya msomaji. Kwa hiyo ukiona kamusi mbili zimehitilafiana juu ya mbuzi au ndege, usidhani moja imepotoka. Zimeulizwa maswali mawili. Lakini kamusi ikiunganisha kaa la jikoni na kaa wa baharini, hapo ina kosa, kwa kuwa hakuna swali ambalo jibu lake ni hilo.

Kosa la upande wa pili nalo lipo, la kutenga kilicho kimoja. Chukua mwezi. Tunasema mwezi umeandama, na tunasema mwezi wa Ramadhani. Mtu angeweza kuandika vidahizo viwili, kimoja cha kile kitu cha mbinguni na kingine cha muda wa siku ishirini na tisa au thelathini. Lakini angelikata daraja ambalo sisi hulipita kila mwaka tukitazama magharibi baada ya jua kuzama: mwandamo wa kile cha mbinguni ndio mwanzo wa muda. Ngeli ni moja, wingi ni mmoja, na njia iko wazi. Hapa kutenga ni kuficha elimu.

Wanafunzi wetu wa chuoni watakumbuka kwamba Waarabu waliijadili mas'ala hii kabla yetu kwa muda mrefu, chini ya jina la mushtarak. Mwanalugha Ibn Durustawaih, aliyefariki mwaka wa 347 Hijria, alikuwa mgumu sana wa kukubali kwamba neno moja lina asili mbili. Kitenzi wajada wengine walikihesabu kuwa na maana mbalimbali: kupata, kukasirika, na kuwa na mapenzi makali. Yeye akasema yote ni jambo moja, yaani kufikwa na kitu, kiwe cha heri au cha shari, na Waarabu wakatofautisha kwa masdari tu: wijdani kwa kupata, maujida kwa hasira, wajdi kwa mapenzi. Tazama kwamba ametumia mashahidi wetu wale wale: daraja la maana na mnyambuliko. Ila wengine waliona tofauti ya masdari ni dalili ya kutengana, naye akaona ni alama tu ndani ya nyumba moja.

Na asidhani mtu kwamba huu ni mchezo wa wenye nafasi. Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 228, mwanamke aliyetalikiwa ameamrishwa kungoja quruu tatu. Kwa Kiarabu qur'u hutumika kwa hedhi na hutumika kwa tohara baina ya hedhi mbili. Wanazuoni wengi wameihesabu kuwa mfano wa mushtarak, na wako wanalugha waliosema asili yake ni moja, yaani wakati unaorejea, ndiyo maana ikaenea pande zote mbili. Mahanafi wakachukua maana ya hedhi, na Mashafi, ambao ndio wengi wa watu wa pwani yetu, wakachukua maana ya tohara. Mwanamke akitalikiwa akiwa tohara, kwa Mashafi tohara ile aliyomo huhesabiwa ya kwanza, na edda yake humalizika aingiapo hedhi ya tatu. Kwa Mahanafi hana budi kuimaliza hiyo hedhi ya tatu. Siku zilizo baina ya hesabu hizi mbili ni siku ambazo mume ana haki ya kumrejea katika talaka rejea, au hana. Na mwanamke anaweza kuolewa, au hawezi. Yote hayo yako juu ya neno moja lenye maana mbili.

Tulimwita mvulana yule Ijumaa iliyofuata, tukamwambia mbele ya wenzake kwamba jibu letu lilikuwa hadithi, na tukamweleza haya kwa ufupi. Akatafakari kidogo, kisha akauliza, "Basi Ustadhi, paa la nyumba na kupaa angani, je? Paa liko juu, na apaaye huenda juu."

Hatukumjibu. Tulimpa karatasi, tukamwambia aende kwa wazee, aandike sentensi ishirini kama zilivyosemwa, asikilize pumzi, atafute jamaa za kila moja, kisha atafute daraja. Asipoliona, asilijenge. Ameshaleta sentensi kumi na moja. Wallahu aalam.